Gauni la shimizi la miaka ya 1990: kazi yote imo katika mkato

Bi Mshazari (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Kila mara mitindo ya miaka ya 1990 inapotajwa humu, watu husema kwamba ile ilikuwa miaka ya nguo rahisi, kana kwamba wabunifu walichoka kupamba wakaamua kuuza nguo tupu. Mimi naona kinyume chake. Kazi haikupungua, bali ilihama kutoka juu ya kitambaa ikaingia ndani ya mkato, na jambo hilo ndilo ninaloomba tulijadili hapa kwa kulitazama gauni la shimizi, lile jepesi la kamba za mabegani linalofanana na vazi la ndani.

Tuchukue magauni mawili ya harusi ambayo picha zake zimeenea duniani kote. Tarehe 29 Julai 1981 Diana Spencer aliolewa jijini London akiwa amevaa gauni la tafta ya hariri lililobuniwa na David na Elizabeth Emanuel. Mikono yake ilikuwa imetuna, palikuwa na lesi, palikuwa na lulu ndogo zipatazo 10,000, na mkia wa gauni ulikuwa na urefu wa karibu mita 7.6. Aliposhuka kutoka katika gari la farasi, tafta ilikuwa imejikunja vibaya, na wasaidizi wake walilazimika kuinyoosha kwa mikono. Mikunjo hiyo ilionekana na ikasemwa, lakini gauni halikuaibika, maana macho ya watu yalikuwa na mengine mengi ya kutazama.

Miaka 15 baadaye, tarehe 21 Septemba 1996, Carolyn Bessette aliolewa na John F. Kennedy Mdogo katika kanisa dogo la mbao kwenye Kisiwa cha Cumberland, jimbo la Georgia. Gauni lake lilibuniwa na rafiki yake Narciso Rodriguez, ambaye aliwahi kufanya naye kazi katika kampuni ya Calvin Klein. Lilikuwa la krepu ya hariri yenye weupe wa lulu, limekatwa mshazari, yaani kwa kufuata kona ya kitambaa badala ya urefu wake, shingo yake ikilegea kidogo kifuani, bila lesi wala shanga. Inasimuliwa kwamba bibi harusi alichelewa kwa sababu gauni lilikuwa gumu kuvaliwa. Ukiitazama ile picha ya wawili hao wakitoka kanisani, utaona kwamba mwanga unateleza kutoka begani hadi chini bila kukatizwa. Mkunjo mmoja tu uliokaa pasipo pake ungeonekana na kila mtu, na pasingekuwa na ua wala utepe wa kuuficha.

Kuna gauni la tatu linalonisumbua, na nitalirudia baadaye. Desemba 1996, chini ya miezi mitatu baada ya harusi ile, Diana yuleyule wa tafta alifika katika dhifa ya jumba la makumbusho la Metropolitan jijini New York akiwa amevaa gauni la shimizi la buluu iliyokolea.

Karibu Jioni

Ahsante kwa uzi mzuri, Bi Mshazari. Kwa maoni yangu sababu ni moja na iko wazi. Tarehe 19 Oktoba 1987 soko la hisa la New York lilianguka. Kabla ya hapo matajiri walikuwa wakivaa mabega mapana yenye sponji, vifungo vya dhahabu na zile sketi fupi zilizotuna kama puto za Christian Lacroix, ambaye alifungua nyumba yake ya mitindo mwaka huohuo wa 1987. Baada ya soko kuanguka waliona haya kujionyesha, wakakimbilia rangi ya majivu na nyeusi. Ndipo Calvin Klein akalibuni gauni la shimizi, na ulimwengu mzima ukamfuata.

Bi Mshazari

Kaka Karibu Jioni, nusu ya maneno yako nayakubali. Hali ya uchumi iliwafungulia mlango wateja, lakini haikuuzaa mtindo wenyewe. Giorgio Armani alianza kutoa bitana na sponji ndani ya makoti katika miaka ya 1970, na ndiyo sababu makoti yake yalilala mwilini kama shati wakati wengine bado walikuwa wakijenga mabega. Rei Kawakubo na Yohji Yamamoto walionyesha nguo zao nyeusi jijini Paris mwaka 1981, mwaka uleule wa mkia wa mita 7.6. Jil Sander naye alikuwa na duka lake Hamburg tangu mwaka 1968. Watu hawa walikuwa wakipunguza wakati wenzao wakirundika. Kilichobadilika baada ya 1987 ni kwamba wanunuzi waligeuza shingo zao kuwatazama.

Wala urundikaji haukukoma. Gianni Versace aliendelea na dhahabu na rangi kali katikati ya miaka ya 1990, na lile gauni jeusi lililoshikizwa kwa pini kubwa za dhahabu, alilovaa Elizabeth Hurley mwaka 1994, ni la wakati uleule wa magauni ya shimizi.

Kuhusu ubunifu, Calvin Klein alilitangaza gauni hilo, hakulianzisha. Mkato wa mshazari ulikuzwa na Madeleine Vionnet jijini Paris katika miaka ya 1920 na 1930. Alikuwa akijaribia miundo yake juu ya mwanasesere mdogo wa mbao, akizungusha kitambaa mpaka kianguke anavyotaka, kabla ya kukata kipimo kamili.

Nguo Chache

Mada hii imenigusa sana. Mimi mwaka jana nilitoa nguo zangu zote kabatini nikabakiza 33 tu, na tangu hapo asubuhi zangu zimekuwa nyepesi. Je, mnashauri mtu anayeanza apunguze kwa kiasi gani, na nguo za harusi zihesabiwe au zisihesabiwe?

Bi Mshazari

Ndugu Nguo Chache, karibu. Hapa hatuzungumzii idadi ya nguo za mtu mmoja, bali namna nguo yenyewe ilivyobuniwa. Mtu angeweza kuwa na magauni 200 ya rangi ya mchanga na bado akawa anavaa mtindo wa kupunguza. Hata hivyo umegusa jambo moja la kweli. Mwaka 1985 Donna Karan alionyesha jijini New York mkusanyiko uliojengwa juu ya vipande saba vinavyovaana vyenyewe kwa vyenyewe, na hilo haliwezekani bila rangi tulivu. Nyeusi, maziwa, majivu, mchanga na buluu ya usiku hukaa pamoja bila ugomvi, kwa hiyo mwanamke anayekwenda kazini aliweza kununua koti mwezi huu na suruali mwezi ujao.

Mpiga Picha wa Zamani

Naomba niingie hapo kwenye rangi, kwa sababu nimefanya kazi ya picha za harusi kwa miaka mingi, na nadhani neno "rangi tulivu" linapita haraka mno. Tulivu kwa nani? Magauni mengi ya wakati ule yaliitwa "rangi ya mwili", na mwili uliokusudiwa ulikuwa mweupe. Gauni la rangi ya unga wa ngano juu ya mwanamke mweupe hufifia, mpaka unaona umbo tu. Mvishe dada mweusi gauni lilelile, halitafifia hata kidogo. Litawaka, na ukingo wa shingo na kamba za mabegani vitasomeka kama mistari iliyochorwa kwa chaki.

Sisemi kwamba ni vibaya. Mimi naliona linapendeza zaidi. Ninachosema ni kwamba halitendi kazi ile iliyokusudiwa. Mteja wangu mmoja aliyetaka athari ileile ya kufifia, nilimshauri achague krepu ya rangi ya kahawa iliyokolea, na pichani mwanga ulishuka juu ya ngozi na kitambaa kama kitu kimoja. Kwa hiyo palete ile ya miaka ya 1990 tukiiiga kama ilivyo, tunapata nguo nyingine kabisa.

Bi Mshazari

Mpiga Picha, hilo sikuwa nimelipa uzito unaostahili, na nakushukuru. Linanifanya niyatazame upya mabango ya wakati ule.

Neema wa Pili

Shikamooni wakubwa. Naomba msaada, na samahani kama nautoa uzi njiani. Nilimpelekea fundi picha ya gauni lile la harusi la mwaka 1996 ili anishonee la kufika chini kidogo ya magoti kwa ajili ya sherehe ya kumuaga dada yangu. Nilinunua mita 2 za satini ya poliesta yenye upana wa sentimita 150, kama alivyoniagiza. Siku ya kujaribu lilikaa vizuri. Baada ya kulitundika kwenye henga kwa wiki moja, mshono wa ubavu wa kushoto umehamia mbele karibu na kitovu, na pindo upande mmoja limeshuka. Nilipomrudia, fundi alisema mwili wangu ndio uliopinda. Nimeumia sana kwa maneno hayo. Je, gauni hili linaweza kuokolewa?

Fundi wa Mji wa Kale

Marahaba, mwanangu. Mwili wako haujapinda. Nimeshona Mombasa tangu kabla ya miaka hiyo mnayoizungumzia, na ugonjwa huo naujua kwa jina na kwa sura.

Kitambaa kina nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu, na nyuzi za mshindio zinazokatiza kwa upana. Ukivuta kwa urefu au kwa upana, kitambaa kinakataa. Ukivuta kwa kona, kinakubali, kwa sababu vile viraba vidogo vilivyo kati ya nyuzi vinalegea na kulala. Gauni la shimizi linategemea kukubali huko. Halina zipu ya kulibana wala mishono ya kuchonga kifua, linashuka kwa uzito wake na kulishika umbo linapopita. Lakini ni lazima mstari wa katikati ya kifua uwe katika digrii 45 kamili. Ukiwa mshazari nusunusu, upande mmoja wa mwili unabebwa na mtande na mwingine hauna wa kuubeba, na gauni linaanza kuzunguka kama nguo inayokamuliwa.

Sasa tupige hesabu yako. Gauni la kufika chini ya magoti, pamoja na nafasi ya mishono na pindo, tuseme kila kipande kina urefu wa sentimita 130 na upana wa 60. Kipande hicho ukikilaza kwa digrii 45 kinakula sentimita 134 za upana wa kitambaa, kwa hiyo kwenye kitambaa chako cha 150 kinaenea. Kwa urefu kinakula 134 vilevile, na cha nyuma ukikilaza sambamba nacho kinaongeza kama 85. Jumla ni mita 2.2, na hapo hujaacha nafasi ya kosa. Mimi ningekuagiza mita 3, ili cha nyuma nikilaze kwa kuelekea upande wa pili na nyuzi zisawazike pale ubavuni. Kwa mita 2 vipande hivyo haviingii. Nashuku fundi alivigeuza kidogo tu, labda digrii 15, mpaka vikaenea, akaita mshazari.

Lipo na la pili. Nguo hii haipindwi siku ileile inaposhonwa. Mimi huitundika juu ya sanamu siku mbili, ikiwa haijapindwa, nikaiacha ishuke inavyotaka. Sehemu ambazo nyuzi zinaning'inia mshazari kamili hushuka zaidi, na nimeshaona tofauti ya sentimita 4 katika gauni moja. Ndipo mwenyewe anavaa, anasimama wima, nami napima kutoka sakafuni kwenda juu na kukata. Ukipima kutoka kiunoni kwenda chini, umejidanganya.

Na kitambaa chenyewe hukatwa kikiwa tabaka moja, hakikunjwi, kwa sababu tabaka la chini huteleza bila wewe kujua. Mishono ya ubavuni hupigwa bandi kwanza, halafu mashine inapita huku mkono ukivuta kidogo sana, ili uzi usije ukakatika siku gauni linapolegea.

Karibu Jioni

Fundi, nimejifunza. Lakini swali langu linabaki. Ikiwa ni kazi kubwa namna hiyo, mbona maduka ya bei ya chini yalijaa magauni ya shimizi kufikia mwisho wa miaka ya 1990?

Fundi wa Mji wa Kale

Mengi yalikatwa wima, yakawekwa nyuzi za kuvutika au yakaachwa mapana. Yageuze ndani uone. Lililokatwa wima halifuati nyonga, linapita juu yake na kuweka mikunjo ya kulala pale tumboni mtu anapoketi. Kwa mbali yanafanana, na ndiyo maana mtindo ule uliigwa haraka sana. Shanga 10,000 hazifanyiki kwa bei rahisi, lakini mstatili wa satini wenye kamba mbili unafanyika popote.

Na suti za wabunifu hao wa kupunguza ni vivyo hivyo. Koti lisilo na mifuko ya juu wala vifungo vinavyoonekana huhukumiwa begani tu. Kwapa likikatwa chini mno, mvaaji akiinua mkono koti zima linapanda naye. Kwenye koti la miaka ya 1980 sponji ilificha kosa hilo.

Bi Mshazari

Fundi amesema vizuri kuliko nilivyokusudia kusema. Na hapo ndipo nilipotaka kulirudia lile gauni la tatu. Gauni la buluu la Diana la Desemba 1996 lilitoka katika nyumba ya Dior, na mbunifu wake alikuwa John Galliano, aliyekuwa ameteuliwa miezi michache tu kabla. Ni gauni la shimizi, lakini lina lesi kifuani. Galliano alikuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa mshazari wa kizazi chake, na mwezi mmoja baadaye, Januari 1997, alionyesha mkusanyiko wake wa kwanza wa Dior, akiweka juu ya mikato ileile laini makosi makubwa ya shanga yaliyochukuliwa kutoka kwa Wamasai. Sisi wa huku tunaweza kujadili siku nyingine kama shukrani ilitolewa. Ninalotaka kuonyesha ni kwamba urundikaji uliofuata haukuutupa mkato wa mshazari, bali ulijengwa juu yake.

Karibu Jioni

Basi umejipinga mwenyewe, Bi Mshazari. Ikiwa mrundikaji mkubwa kuliko wote ndiye aliyelikata vizuri, gauni la shimizi si la mtindo wa kupunguza. Ni vazi la ndani la mwanamke lililotolewa nje, lenye mvuto wa chumbani, na wapunguzaji waliliazima kwa sababu lilikuwa halina mapambo. Mtindo wa kupunguza wa kweli ni suti ya Jil Sander na koti la Helmut Lang, basi.

Bi Mshazari

Hoja yako ina nguvu, lakini sijashawishika. Rodriguez hakuazima vazi la ndani. Shingo ile inayolegea na mgongo ule ni kazi ya krepu nzito, wala shimizi ya ndani haishonwi kwa krepu nzito. Kitambaa ndicho kinachotenganisha. Satini nyembamba yenye lesi inakurudisha chumbani. Krepu isiyong'aa inakupeleka kanisani.

Kuhusu mwisho wa mtindo huo, mimi siamini kwamba watu walichoka tu. Mwaka 1999 kampuni ya Prada ilinunua sehemu ya nyumba ya Helmut Lang na sehemu kubwa ya nyumba ya Jil Sander, na Jil Sander mwenyewe aliondoka mapema mwaka 2000. Nguo inayotegemea kitambaa ghali na saa nyingi za fundi ni ngumu kuikuza kwa haraka. Mkoba wenye nembo ni rahisi kuukuza. Mwaka 2003 Louis Vuitton walitoa mikoba yenye nembo za rangi nyingi zilizochorwa na Takashi Murakami, na barabara zikajaa nembo. Ule mrundiko wa miaka ya 1980 ulionyesha kazi ya mkono, hata kama ilizidi kiasi. Mrundiko wa miaka ya 2000 ulionyesha zaidi jina la kampuni. Ule wa tatu, ulioanza Alessandro Michele alipopewa Gucci mwaka 2015, ulirudi kwenye udarizi na maua, na kwa hilo nampa heshima yake.

Mpiga Picha wa Zamani

Naongeza moja dogo. Nembo inasomeka hata katika picha mbaya. Krepu inahitaji mwanga wa dirishani na mpiga picha anayejua kusubiri. Sidhani hilo ni jambo la pembeni, kwa sababu muda si mrefu baadaye kila mtu alianza kupiga picha kwa simu yenye mwanga wa mbele, na mwanga huo huifanya krepu nyeupe ionekane kama shuka.

Neema wa Pili

Nimerudi na majibu. Niligeuza gauni ndani, nikavuta uzi mmoja kwenye ukingo wa mshono kama mtu anayefumua, kisha nikakunja karatasi ya mraba kona kwa kona ili nipate digrii 45 na kuilinganisha na mstari wa katikati. Uzi haukaribii kabisa. Umeinama kidogo tu, kama mishale ya saa inapoonyesha saa sita na dakika tatu. Fundi wa Mji wa Kale alikuwa sahihi bila hata kuliona.

Fundi wa Mji wa Kale

Pole, mwanangu. Gauni refu halitaokoka, maana mkato ukishakosewa hauna dawa. Ila lifumue ubavuni, lipigie pasi ya moto mdogo kwa upande wa ndani, na katika kila kipande utapata mahali pa kulaza nusu ya juu kwa digrii 45 kamili. Utapata blauzi ya kamba nzuri sana, na utaivaa na sketi nyeusi iliyokatwa wima. Kwa gauni la sherehe nunua krepu mita 3, na kabla fundi hajashika mkasi, mwombe alaze vipande vyote juu ya kitambaa mbele yako.

Neema wa Pili

Ahsante sana, mzee wangu. Sherehe ni baada ya wiki tatu. Kesho naenda kutafuta krepu ya rangi ya kahawa iliyokolea.